Kapsheni ya mwaka mmoja, na kikoi cha alfajiri

Tarehe 20 mwezi wa nne tulitimiza mwaka mmoja wa ndoa, na kwa siku nyingi kabla ya hapo mie nilikuwa nahangaika na kapsheni tu. Picha ilishapatikana zamani, ile tuliyopigwa bustani za Jamhuri jioni, bandari iko nyuma na kisiwa cha Toten kinaonekana kwa mbali, yeye kashika baiskeli na kwenye keria kuna furushi langu la kanga. Picha nzuri mno, naipenda. Sasa maneno.

Wanaonijua wananijua kwa kanga. Nauzia nyumbani hapa Mikanjuni na nauzia mtandaoni, na ukweli ni kwamba nusu ya kazi yangu ni kuchagua jina. Mtu anakuja anakwambia nataka doti ya kumpa wifi yangu tulikosana tukapatana, nipe yenye jina zuri, basi mie nafunua moja moja nasoma. Hii hapana, hii itaonekana unamsema, hii ndiyo. Rangi mtu anaweza kukusamehe lakini jina ukikosea kanga hairudi kabatini, inarudi kwako na maneno juu. Kwa hiyo nilidhani kapsheni ya mume wangu mwenyewe itanichukua dakika kumi.

Nilichokuwa nataka nilikijua. Nilitaka kumshukuru kwa moyo mweupe na nilitaka pia kumtania kidogo kuhusu tabia zake za nyumbani, mana mwaka wa kwanza wa ndoa ndo mwaka wa kugundua kwamba huyu mtu uliyempenda amevaa kanzu nyeupe na manukato, ndo huyu huyu anayerudisha chupa ya maji kwenye friji ikiwa na funda moja chini. Funda moja jamani. Hamalizi wala hajazi, anarudisha. Na chupa ya chai, ile ya kutunza moto, anamimina halafu kizibo anakiweka juu tu hakizungushi, ukija saa nne chai imekuwa ya vuguvugu. Haya si makosa, ni vitu ambavyo ukivitaja mbele za watu wote wenye ndoa wanacheka kwa sababu kila nyumba ina cha kwake. Na mie ninacho, makopo ya aiskrimu, nayaosha naweka humo maharage, samaki, tui, na mume wangu ameshafungua friji mara ngapi kwa furaha akakutana na dagaa.

Basi nikaandika drafti ya kwanza. Ikawa ndefu, tabia tisa, kila moja na kihadithi chake, halafu mwisho kabisa ndo nasema lakini nakupenda hivyo hivyo. Nilipoibandika Instagram ikanigomea kwa sababu mwisho wao ni herufi 2,200 na mie nilikuwa nimepitiliza. Nikapunguza ikaingia, nikaisoma vizuri, nikaona ngoja kwanza nimtumie wifi yangu, dadake mkubwa, ambaye tunapatana sana na ana ulimi mkweli.

Wifi alisoma, tiki zikawa za bluu, kimya. Nusu saa. Halafu ikaja sauti yake, dakika mbili, anaanza kwa kucheka ile ya chupa ya maji, kisha anasema, "Sasa wifi, hii ya vyombo na ya taulo, mama akiisoma atasema nini?" Mie nikamjibu si namtania kaka yako tu. Akasema, "Kaka yangu huyo nani alimlea?"

Nikakaa. Kweli kabisa. Nilikuwa nimeandika kwamba akila sahani anaiacha pale pale na kwamba taulo bichi analitupa kitini, na nilivyoandika nilikuwa namuona yeye tu, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili. Lakini utani wa usafi hauishii kwa mume, unapita unakwenda moja kwa moja kwa mavyaa. Ukisema mwanamume hajui kuosha kikombe umesema kuna mtu hakumfundisha, na huyo mtu yuko Pongwe, ana simu, ana miwani, na jioni anasomewa na wajukuu kila kitu nilichoposti. Mavyaa wangu ananipenda. Nisingejisamehe angejiona amesemwa siku ya mwanae.

Kuna mtu alinishauri, si uposti WhatsApp halafu uwafiche ambao hutaki waone, stetasi yenyewe inakaa saa 24 inaondoka. Inawezekana, kuna sehemu ya kuchagua nani asione. Lakini mie nilikataa palepale. Ukiona kapsheni ya ndoa yako inahitaji kufichwa mama wa mume, basi kosa liko kwenye maneno, hata ukimficha ataletewa skrinshoti kabla ya magharibi, tena kutoka kwa mtu ambaye hatamsomea kwa sauti ya utani.

Nikafuta vyombo, nikafuta taulo, nikabaki na LUKU. Hii niliipenda mno. Mume wangu ananunua umeme wa elfu mbili. Kila baada ya siku mbili tatu, elfu mbili. Mita inaanza kulia usiku tii, tii, tii, yeye anachukua simu gizani, ananunua, halafu ananisomea zile namba 20 nne nne kama anasoma dua, na mie nimesimama ukumbini nabonyeza. Tumefanya hivyo mwaka mzima. Ukweli ni kwamba anapenda kujua umeme unavyokwenda, ana kijidaftari anaandika, akinunua mwingi kwa mpigo anasema hauoni unapotelea wapi. Nikaandika drafti ya pili juu ya hilo, fupi, tamu, inaishia kwa kusema hakuna sauti ninayoijua gizani kama sauti yako ikinisomea nne nne.

Mpaka leo naona ni sentensi nzuri. Lakini nikajaribu kitu ambacho nilianza kukifanya baada ya maneno ya wifi. Jioni walikuja rafiki zake wawili kunywa kahawa, nikaisema ile habari ya elfu mbili mbele yake, kwa mdomo, nikiwa namwangalia. Ile ya chupa ya maji nilishawahi kuisema mbele za watu na yeye mwenyewe akaidaka, akaendelea, akasema ile funda ni amana mke wangu namuachia, watu wakacheka. Ya LUKU hakuidaka. Alitabasamu, akaangalia kikombe, akauliza mwenzie habari za mpira.

Hapo nilielewa bila kuambiwa. Yeye ana duka la spea za baiskeli Ngamiani. Wanaomfuata mtandaoni nusu ni wateja na nusu ni watu anaowadai au wanaomdai. Mie nasoma pale uangalifu wa mtu mwenye daftari, wao watasoma hana hela ya umeme. Hata wasipokuwa na nia mbaya, kesho mtu ataingia dukani atasema bosi vipi, leo umeweka elfu mbili? Utani wa mfuko haubaki nyumbani, unamfuata mwanamume kazini kwake. Nikaifuta, iliniuma, nikaifuta.

Kwa hiyo kama unaandika ya kwako, hicho ndo kipimo nilichobaki nacho na nakiamini kuliko vyote: iseme kwa mdomo mbele yake na mbele ya watu wawili wanaomheshimu, kabla hujaiandika. Akiidaka na kuiongezea chumvi, ni yenu wote wawili, andika. Akitabasamu halafu akabadilisha habari, achana nayo na wala usimuulize kwa nini. Usimsomee ile kapsheni yenyewe, hapana, utaua siku. Sema ile habari tu kama maongezi.

Sasa kuna jambo la simu ambalo watu wengi hawalifikirii na mie nililijua kwa sababu ya biashara. Instagram haionyeshi kapsheni yote. Mtu akiwa anapitisha kidole anaona mwanzo tu, kama herufi 125 hivi, mistari miwili, halafu inakatwa mpaka abonyeze ndo asome iliyobaki. Kwenye kanga nilishaumia nalo, nilianza tangazo kwa kuandika doti zimepungua bei, zile rangi tu zilizobaki, na maelezo yote mazuri yakawa chini, watu wakadhani nauza mabaki. Sasa fikiria mtu kaandika kapsheni ya ndoa kwa mtindo ule tulioujua wote, unaanza na malalamiko halafu unageuza. "Mwaka mmoja nalala na mtu asiyejua kufunga kizibo, asiyejua kurudisha kitu mahali pake, asiyesikia akiambiwa..." hapo imekatwa. Ule mgeuzo wako mzuri, ule wa lakini ndiye chaguo langu, uko chini ambako watu wengi hawashuki. Hao wameondoka na malalamiko matupu na pengine wameanza kukuombea.

Mgeuzo hauwezi kungoja aya ya tatu. Mstari wa kwanza wenyewe lazima ubebe vyote viwili, utani na mapenzi, mtu akisoma huo tu akaondoka awe ameelewa kwamba hawa wawili wanapendana na wanacheka. Nilipofika hapo nikacheka peke yangu, mana ndivyo lilivyo jina la kanga. Kanga ina pindo pande zote, ina mji katikati, halafu jina, mstari mmoja tu, herufi kubwa, na huo mstari ndo unaobeba kila kitu kwa sababu hakuna sehemu ya kubonyeza usome zaidi. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Basi. Na wanaoandika hayo majina hawajawahi kuhitaji herufi 2,200.

Nikaamua: tabia moja, mstari mmoja. Nikaanza kuwinda hiyo tabia moja, wiki nzima nikawa namwangalia mume wangu kama mwizi.

Iliyokuwa inanikera kuliko zote, nasema kweli, ni kikoi. Yeye analala na kikoi, alfajiri saa kumi na moja anaamka kwenda msikitini, anavaa kanzu, na kile kikoi anakiacha kitandani. Hakianiki, hakikunji, kinabaki pale pembeni kimeburuzwa pamoja na mto wake, kama mtu aliyetoka mbio. Mie naamka nakuta hiyo fujo upande wake kila siku ya Mungu. Nilishamwambia mara nyingi, kwa upole na bila upole. Kuna msumari nyuma ya mlango nilimpigilia mie mwenyewe kwa ajili ya hicho kikoi. Anasema sawa mke wangu, kesho kiko pale pale.

Na neti. Huku kwetu pwani, masika haya, mbu wa Mikanjuni si wa kuzoea, ukilala bila kuchomekea neti umelala barazani. Usiku nachomekea mie, pande zote, chini ya godoro, nahakikisha. Yeye akitoka alfajiri anachomoa upande wake ili apite, na mie nikiamka upande ule nakuta haujachomekwa, umening'inia tu. Hayo mawili nilikuwa nayaweka kapu moja: mtu hachomekei neti, mtu anatupa kikoi.

Siku ile ilikuwa Jumatano. Nilikuwa katika siku ambazo siswali, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuamka, lakini usingizi ulikuwa umekata nikawa nimelala tu nimefumba macho, mvua inanyesha bati linapiga kelele. Nikamsikia kaamka. Hakuwasha taa, na hiyo nilikuwa najua, huwa hawashi. Kachomoa neti kidogo sana, kaupitisha mwili, kasimama nje. Nikafumbua jicho moja.

Kavaa kanzu. Halafu akarudi kwenye neti, akashika ule upindo ulioning'inia, akauvuta taratibu mpaka ukagusa godoro vizuri, akapitisha mkono ndani akauchukua mto wake akaulaza juu ya upindo, kwa urefu, akaukandamiza. Mto haukufika, godoro ni refu. Kikabaki kipande cha upande wa miguuni, kiwazi. Akachukua kile kikoi, akakikunja mara mbili, mara tatu, kikawa kama kamba nene, akakilaza pale pa wazi, akakisukuma kwa kidole kila mahali kuona kama kuna upenyo. Akasimama sekunde chache anaangalia. Halafu akatoka, mlango hata haukulia.

Mie nimebaki pale sijui nifanye nini na moyo wangu.

Alipokwenda niliamka nikajaribu kuchomekea neti upande wake nikiwa nimesimama nje kama alivyosimama yeye. Godoro letu ni zito, futi sita kwa sita, ukitaka kuchomekea kutoka nje ni lazima uliinue, na ukiliinua kitanda chote kinatikisika. Yaani aliyelala upande wa pili ataamka, hakuna namna. Ndo nikaelewa. Mwaka mzima kila alfajiri huyu mtu amekuwa akitafuta namna ya kunifungia mbu bila kuniamsha, na mbu wa alfajiri ndo wale wale wa usiku, hawajalala bado. Mie nikiamka nikijigeuza, mto unaanguka, kikoi kinafunguka, upindo unaning'inia, na ninachokiona ni fujo. Naokota, nanuna, natundika kwenye msumari.

Wala hakuwahi kujitetea. Mwaka mzima namgombeza kwa kikoi anasema sawa mke wangu.

Sikumwambia kama nimeona. Nilikaa kimya siku nzima, nikaandika drafti ya tatu mikono inatetemeka, yote nikaimwaga, neti, godoro, mto, mvua, alfajiri, mie nimefumba macho. Ilikuwa ya kweli kuliko chochote nilichowahi kuandika. Nikasema hii naiposti kama ilivyo. Lakini kwa vile nilishakosea mara mbili, nikaenda kwanza kwa somo wangu, Ngamiani, ambaye ndiye aliyenikalisha ndani kabla ya harusi na ndiye ninayemwendea jambo likinishinda.

"Shikamoo somo."

"Marahaba mwanangu. Uso huo una kheri au una shari?"

Nikamwambia kheri, nikamsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipoinua macho alikuwa anajifuta na pembe ya kanga. Nikajua nimefaulu. Akanimiminia chai, akasema, "Mume umepata, Alhamdulillahi. Sasa hiyo unataka kuwasomea watu?"

Nikasema ndiyo, siku ya mwaka.

Akasema, "Kitanda hakina mdomo mwanangu. Usikipe wewe."

Nikaanza kubisha, somo kwani kuna ubaya wowote humu, ni neti tu na mto, hakuna neno la aibu hata moja. Akasema anajua hakuna la aibu, lakini mtu akisoma hiyo anaingia chumbani kwenu, anajua mnalala upande gani, anajua mumeo anavaa nini usiku, anajua siku gani huswali. Akanikumbusha maneno ambayo shekhe alituambia siku ya ndoa na ambayo kila mtu anayasikia kwenye ndoa mpaka anayazoea, yale ya kwenye Qurani kwamba wake ni vazi lenu na nyinyi ni vazi lao. "Vazi ni sitara," akasema. "Yeye kila alfajiri anakufunika. Wewe utamfunua?"

Sikuwa na jibu. Nimenyamaza, nakunywa chai, na machozi yakaja kidogo kwa sababu nilikuwa nimeipenda ile drafti. Nikamuuliza sasa nifanye nini, nimweleze vipi kwamba nimejua? Akanicheka. "Wewe ndo unauza kanga unaniuliza mie?"

Somo wangu ana sanduku la kanga ambazo hazivai, amezipewa na marehemu mumewe, akafungua akanionyesha moja, imefifia, jina lake la kawaida kabisa ambalo ukilisoma unaona ni nasaha tu za watu wote. Akasema, "Hii waliisoma mtaa mzima. Walioielewa tulikuwa wawili." Hakunieleza ilimaanisha nini na mie sikumuuliza.

Hapo nilipata kazi yangu. Maneno ambayo mtaa mzima utayasoma na kuyacheka, na mtu mmoja atayaelewa. Nikarudi nyumbani nikaanza kuondoa. Nimeondoa neti, mana neti ni chumba. Nimeondoa alfajiri, nimeondoa mto, nimeondoa mbu. Kikabaki kikoi. Kikoi mwanamume anavaa popote, sebuleni, barazani, akienda gengeni, kikoi hakimwingizi mtu chumbani. Wala si usafi wa kumgusa mavyaa, wala si hela, na nilishamtania nacho mbele za watu akaidaka, alisema msumari wenyewe mke wangu ameupigilia juu mno. Kwa hiyo kilipita kila mahali.

Sasa mstari. Wa kwanza nilioandika ulikuwa "Mwaka mmoja nakuokotea kikoi na sijachoka." Huu unasomeka kama mke mvumilivu anajisifu, shukrani haimo. Nikageuza, "Asante kwa kuacha kikoi kila siku," huu unasomeka kama kejeli, mtu atadhani nimekasirika. Nilihangaika hapo jioni nzima, na kilichonisaidia ni kuongeza kwamba nimejua. Kitu kimoja tu, nimejua. Hapo utani unabaki, mtu wa nje anadhani kuna sababu ya kuchekesha, na yeye atajua nimejua nini. Nikamwita pia mume wangu ndani ya mstari ule ule, mana ukisema na mtu moja kwa moja sauti inakuwa laini, tofauti na ukimsema kwa watu.

Jambo la kando: mavyaa alishanipigia tarehe 10 kunipongeza, siku kumi kabla, nikadhani amekosea. Hakukosea. Sie tulioana Mfungo Mosi, tarehe 20 ya mwezi wa nne 2024, na yeye anahesabu kwa mwezi, na mwaka wa mwezi una siku 354 au 355 tu, kwa hiyo kwake mwaka ulishatimia. Alinipenda kabla ya tarehe. Nimemuweka kwenye moyo wangu.

Jumapili asubuhi niliposti. Picha ya bustanini, na hii:

"Mwaka 1 nakuokotea kikoi, mume wangu, na juzi ndo nimejua kwa nini unakiacha. Kiache hapo hapo. Msumari nautoa."

Basi, imeisha. Herufi 111, hakuna wa kubonyeza chochote. Sikuweka hashitegi, nikaweka moyo mmoja mweupe.

Komenti zikaanza. Wifi wa kwanza, anacheka, "mwambie aanike wifi, usimdekeze." Wateja wangu wanasema wa kwangu soksi, wa kwangu malapa, wa kwangu funguo, kila mtu anamtania wa kwake na wote wanacheka. Mmoja kaandika, "Kha! na wa kwangu atakuwa na sababu?" Mavyaa kanipigia anauliza kikoi chenyewe kipi, kile cha mistari ya kijani? Nikamwambia ndicho. Akasema hicho kilikuwa cha babake, akacheka, akaniombea dua ndefu nikaitikia amina mpaka nikaishiwa pumzi.

Yeye alikuwa keshatoka, kaenda dukani kupokea mzigo. Nikawa naiangalia simu kila dakika. Nimekuna nazi, nimetia wali motoni, naangalia. Laiki yake imekuja saa nne na nusu, bila neno. Saa tano, hakuna. Nikawaza labda hajaelewa, labda nimeficha mno, mana hilo nalo linawezekana, ukafumba mpaka na mwenyewe asione.

Saa sita kasoro, adhana bado, ikaingia komenti yake, chini kabisa ya zote, maneno matatu:

"Kumbe ulikuwa macho."

Watu wamemuuliza macho vipi, shemeji tufafanulie. Mpaka leo hajawajibu, na mie sijawajibu.